Kunga za Kupima Hotuba ya Kuwaaga Wahisani wa Visima

Katika mkoa wa Mara, siku ya kukabidhi visima ina ada zake: turubai hutandwa karibu na pampu, ngoma hupigwa, risala ya wanakijiji husomwa mbele ya mgeni rasmi, kisha husimama yule aliyeusimamia mradi tangu mwanzo wake hata hatima yake, ili awashukuru waliotoa mali zao. Hotuba hiyo aghalabu hupimwa kwa wingi wa makofi; walakini makofi hayanyimwi hata hotuba iliyo tupu, maana wenyeji wa Musoma, Bunda na Butiama ni watu wa staha mbele ya wageni, na kwa sababu hiyo anayetaka kuujua ubora wa maneno yale hana budi awe na vipimo vingine.

Kipimo cha kwanza ni namna tarakimu zilivyogeuzwa kuwa hadithi. Tuchukue mfano wa kubuni: mradi umechimba visima 12 katika vijiji ambavyo maji yalikuwa umbali wa kilometa 3, na kumi kati ya visima hivyo vimetoa maji. Msemaji dhaifu husema kwamba wananchi 2,500 wamepatiwa huduma, na kwamba umbali umepungua kutoka kilometa 3 hadi mita 400. Maneno hayo ni kweli, bali hayana mtu ndani yake. Msemaji hodari huanza na nyumba moja. Husema: nyumba ya watu sita, ikiwa kila mmoja apate lita 25 kwa siku kama ilivyoagiza Sera ya Maji ya mwaka 2002, yahitaji lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20; na mama wa nyumba hiyo zamani alitembea kilometa 6 kwenda na kurudi, mwendo wa saa moja na nusu kwa dumu moja, hivyo akichota madumu manne alikuwa amekwisha kutoa saa sita za siku yake, na bado nyumba ikabaki na lita 80 tu, za kupikia na kunywa, nguo zikingoja. Leo kisima ki mita 400 kutoka mlangoni, safari ya kwenda na kurudi ni dakika kama 12, na muda ule ule uliokuwa ukimletea dumu moja sasa, foleni ikiwekwa kando, wamletea yote saba na nusu.

Tazama basi tofauti iliyopo. Hadithi haikuipamba tarakimu, bali imeifunua maana yake ambayo yule wa kwanza hakuiona: kwamba faida ya kisima si kupumzisha miguu tu, bali ni kuongezeka kwa maji yenyewe yaingiayo nyumbani. Hadithi ambayo msikilizaji akiisha kuisikia hajajua neno lolote zaidi ya lililokuwamo katika taarifa ni urembo, hata ikiwa imewaliza watu machozi.

Kipimo cha pili ni hesabu iliyo chini ya hadithi. Pampu ya mkono, kwa kawaida, ikisukumwa na mtu mzima, hutoa kadiri ya lita 15 kwa dakika, yaani lita 900 kwa saa. Sera hiyo ya mwaka 2002 ilikadiria watu 250 kwa kituo kimoja. Hao, kwa lita 25 kila mtu, wahitaji lita 6,250, na pampu yazitoa kwa muda wa saa saba hivi, jambo linalowezekana tangu alfajiri hata magharibi. Lakini ukimsikia msemaji akijigamba kuwa pampu moja yawatosha watu 1,000, fanya hesabu hiyo kimoyomoyo: lita 25,000 zataka karibu saa 28, ilhali siku ina saa 24. Ama watu hao hawapati kiasi kilichotajwa, ama wamehesabiwa kwa sababu wanaishi jirani tu. Na mhisani mwenye fahamu atakayeigundua kasoro hiyo akiwa ndani ya ndege ataishuku na hadithi ya mama pia, ijapokuwa ni ya kweli.

Tatu, hadithi na iwe ya mahali pale. Ufukweni Musoma maji yaonekana kwa macho pande zote, na msemaji akilia juu ya umbali wavuvi watacheka. Hadithi ya huko ni ya kichocho na ya kipindupindu, ya mtoto anayeoga na kunywa ziwani. Bunda, upande unaopakana na Hifadhi ya Serengeti, hadithi ni ya kiangazi, ya ng'ombe na watu kugombea dimbwi moja, na ya hofu ya kukutana na tembo njiani. Butiama kuna hadithi nyingine tena, maana wazee wa huko, kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere, wanakumbuka kwamba mwaka 1971 serikali yake ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji karibu naye, yaani ifikapo mwaka 1991. Basi mbele ya wazee hao ahadi isemwe kwa haya, na lililotimizwa lisemwe bila ya kukuzwa.

Nne, sikiliza kama vile visima viwili vilivyokosa maji vimetajwa. Nchi ya Mara ina majabali mengi ya matale, na humo maji hukaa katika nyufa na katika tabaka la mwamba uliolika; mtambo ukizikosa nyufa, kisima ni kikavu, na gharama imekwisha kulipwa. Msemaji bora huieleza habari hiyo kwa sentensi mbili au tatu, akitaja kijiji, kina kilichofikiwa, na watakapochota watu wa pale. Anayeificha, akitumaini kwamba wageni hawataona, husahau kwamba watu wa vijiji hivyo viwili nao wameketi chini ya turubai.

Kipimo cha mwisho, nacho ndicho kizito, ni mahali shukurani inapokomea. Mkoa huu umekwisha kuwaaga wahisani wengi: mradi wa HESAWA, uliogharimiwa na Sweden, ulihudumu Mara, Mwanza na Kagera tangu 1985 hata 2002, na msingi wake ulikuwa kwamba watumiaji wenyewe wavimiliki na kuvitunza visima. Kwa hiyo hotuba inayokhitimishwa kwa ombi la mradi wa pili imeharibu shukurani yake, kwa kuwa imemfanya mhisani aone kwamba alichokitoa hakikumwacha mtu aliyesimama. Hotuba njema huishia kwa kamati ya maji: yataja nani atakusanya mchango na kwa kiasi gani, nani atabadilisha mpira wa ndani ya pampu unaochakaa kwa kusuguliwa, na ofisi ya RUWASA ya wilaya itaitwa wakati gani, yaani kwa ubovu upi ambao fundi wa kijiji hauwezi.

Ukitaka hukumu isiyo na upendeleo, usimuulize mgeni rasmi. Kesho yake muulize mama yeyote penye foleni ya madumu hotuba ilisema nini. Akijibu kwamba ilikuwa nzuri, haikumfikia. Akijibu kuwa mweka hazina ndiye atakayeshika fedha za mpira, na kwamba nyumba yake sasa ina haki ya madumu saba na nusu, basi hotuba ile ilikuwa bora.