Safu ya Nne

Kuna muuguzi mzee mjini Kasongo ambaye bado huandika mpango wa mawasiliano kwa rula na kalamu. Huchora safu nne: ripoti gani, nani ampelekee nani, kila lini, kwa njia gani. Tatu za kwanza hazimchukui muda. Safu ya nne ndiyo humkalisha siku nzima, akiuliza wenye pikipiki na wenye mitumbwi kabla ya kuandika neno.

Nilimtazama akijaza mstari wa kituo kimoja cha afya cha Kabambare, ng'ambo ya mto Luama. Hesabu ya wagonjwa wa wiki iliyoisha Jumapili: muuguzi mkuu wa kituo aipeleke ofisi kuu ya zoni ya afya, Jumatatu asubuhi, kwa foni, ile redio ya upepo. Chini yake akaongeza: betri ikiisha, karatasi apewe mwenye pikipiki anayekwenda sokoni; Luama ikifurika, kituo jirani chenye foni kisome hesabu kwa niaba yake. Ripoti ya mwezi hutoka hapo kwa karatasi na kufika zoni kabla ya tarehe 5, ili zoni nayo ijumlishe na kupeleka ofisi ya mkoa, Kindu. Lakini anayeshukiwa kuwa na kipindupindu hangoji Jumatatu. Habari yake iondoke ndani ya saa 24, kwa njia yoyote iliyo wazi.

Kisha akaandika jambo ambalo wengi huliacha: wiki isiyo na surua, kituo kitamke "surua 0". Asiyepeleka chochote hajasema sifuri. Huenda hakuna mgonjwa, huenda muuguzi mwenyewe amekimbia vita. Ndiyo maana ofisini hukaa daftari lenye alama mbili tofauti, 0 kwa aliyesema hakuna na kistari kwa aliyenyamaza. Vistari viwili mfululizo, mtu hupanda pikipiki kwenda kuangalia.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa kurudi: zoni ijibu "tumepokea" siku ileile, na kila mwezi imsomee muuguzi hesabu zake pamoja na za wenzake.

Kasongo ilijulikana kwa utaratibu wa namna hii tangu miaka ya 1970, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walipofanya kazi huko pamoja na Wakongo. Lakini siku hizi napokea mipango iliyonakiliwa kutoka mkoa mwingine, hata jina la mto halijabadilishwa. Safu ya nne imeandikwa "barua pepe" kwa kituo ambako simu hushika mtandao juu ya kilima tu. Au wote wametiwa katika kundi moja la WhatsApp, ripoti inapita kati ya salamu na picha za harusi, kila mmoja akidhani mwenzake ameijibu. Na mstari wa kurudi haumo kabisa. Muuguzi wa kituo kama kile cha ng'ambo ya Luama anapeleka hesabu mwezi baada ya mwezi, hasikii hata "tumepokea", mwishowe anaandika tarakimu za mwezi uliopita.