Mtendaji Aliyefichwa: Lugha ya Tamko la Kuwalinda Watoa Taarifa

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, na mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria. Ingetarajiwa kwamba matamko ya sera yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo za taasisi na vyama vya ushirika yangesomeka kwa urahisi. Hata hivyo, mengi yameandikwa kwa Kiswahili ambacho msemaji wake hapatikani. Makala haya yanachunguza ukungu huo kwa sentensi moja, iliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi lakini isiyo ngeni kwa msomaji wa nyaraka za aina hii: “Taarifa zitakazotolewa kwa nia njema zitashughulikiwa na mamlaka husika, na usiri utazingatiwa.”

Tuseme tamko hilo limebandikwa katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Ngenge, wilayani Muleba, na mkulima mmoja ameona karani wa mizani akipunja kilo. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini haimwambii aende kwa nani. Vitenzi vyake vyote vitatu vimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji pekee aliyetajwa ni “mamlaka husika”. Neno “husika” limepoteza kiambishi cha urejeshi pamoja na kijalizo chake. Mtu akisema “mamlaka inayohusika”, msikilizaji atauliza mara moja: inayohusika na nini? Umbo fupi linalizima swali hilo. Isitoshe, “mamlaka” ni nguvu na pia ni chombo chenye nguvu. Kwa mkulima huyu, mamlaka iliyo karibu zaidi ni ofisi ileile anamokaa karani.

Tiba si kufupisha sentensi tu, bali kukirudishia kila kitenzi mtendaji wake: “Mwambie mwenyekiti wa bodi. Ikiwa lalamiko linamhusu yeye, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya. Ukidaiwa rushwa, piga simu TAKUKURU kwa namba 113, hulipii.” Njia ya pili ndiyo kipimo cha tamko zima. Tamko lenye njia moja, ambayo mwisho wake ni meza ya mtuhumiwa, halijataja njia yoyote.

“Nia njema” inaleta tatizo la aina nyingine. Katika sheria, maneno hayo yanaambatana na wazo la kuwa na sababu ya msingi ya kuamini. Yakisimama peke yake ukutani, humfanya mtoa taarifa ajitetee kwa yaliyomo moyoni mwake, na ni rahisi kudai kwamba mkulima aliyewahi kugombana na karani hana nia njema. Kiswahili kinaweza kuhamisha uzito huo: “Utalindwa ukieleza unachoamini ni kweli na sababu ya kuamini hivyo, hata uchunguzi ukionyesha kuwa ulikosea. Hutalindwa ukisema jambo unalojua ni uongo.” Sentensi ni ndefu kuliko “nia njema”, na urefu huo una kazi.

Ukungu mzito zaidi umo katika “usiri”. Neno hili linabeba ahadi mbili zisizofanana. Kutotaja jina ni uamuzi wa mtoa taarifa: hakuna anayemjua. Kutunza jina ni wajibu wa mpokeaji: yupo anayemjua, naye amejifunga asimtaje. Tamko likisema “usiri utazingatiwa”, msomaji huweza kutumaini ahadi ya kwanza huku mwandishi akikusudia ya pili. Jina la sheria yenyewe linatenganisha watoa taarifa na mashahidi. Kwa hiyo tamko halina budi kueleza kwamba shauri likifika mahakamani, huenda aliyenong’ona akaombwa asimame ashuhudie. Vilevile “kulindwa” kunahitaji vitenzi vinavyoonekana. Kwa mwajiriwa ni kutofukuzwa wala kuhamishwa kwa kisasi. Kwa mkulima ni kahawa yake kuendelea kupokewa, kupimwa na kulipwa kama ya wenzake. Orodha iliyonakiliwa kutoka waraka wa ofisi kubwa, yenye vyeo na mishahara, haimgusi mwanachama asiye na mshahara wa kupoteza.

Uchaguzi wa jina la mtendaji huyu nao una uzito. “Mtoa taarifa” halina ladha, na huo ndio ubora wake katika mazingira ambamo “mchongezi” liko tayari mdomoni. “Mpiga filimbi” humfikisha msomaji kwa refa wa mpira.

Unabaki mpaka ambao hakuna sarufi inayouvuka. Katika kata ambamo watu wanafahamiana, taarifa isiyo na jina lakini yenye siku, saa na idadi ya magunia inaweza kumtambulisha aliyeitoa. Tamko la haki lingesema: “Hatutataja jina lako. Lakini huenda mambo unayoyaeleza yakakutambulisha. Tuambie yapi tusiyaandike.” Waandishi wengi wangeifuta sentensi hii kwa hofu ya kuwatisha watu, ilhali ndiyo pekee inayompa mkulima nafasi ya kupima hatari kabla hajafungua mdomo.