Soma Breka, Kisha Fuata Waya: Namna ya Kukagua Kazi ya Fundi Umeme

Mwenye nyumba akikabidhiwa kazi ya umeme huangalia soketi kama zimenyooka, huwasha taa moja moja, kisha hulipa. Ubora wa kazi hauko hapo. Uko ndani ya kisanduku cha breka, na njia ya kuujua ni kumwomba fundi azime meni swichi, afungue kifuniko mbele yako na kukueleza waya mmoja baada ya mwingine. Wewe usiingize mkono, kwa sababu nyaya zinazotoka mita na kuingia kwenye meni swichi zina umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Macho yanatosha.

Kila breka ina namba iliyochapwa usoni: C10, C20, C32. Namba hiyo ni ampia, na wengi huidhani ni kipimo cha nguvu ya breka, kwamba kubwa ndiyo imara zaidi. Breka imewekwa pale kuulinda waya unaotoka chini yake. Kazi yake ni kukata kabla waya haujapata joto la kuunguza ganda lake la plastiki. Kwa hiyo namba ya breka haina maana yoyote mpaka ujue unene wa waya uliofungwa humo. Soma namba, kisha fuata waya. Kwa nyumba za kwetu, waya wa moja na nusu wa taa hukaa kwenye breka ya ampia 6 au 10, na waya wa mbili na nusu wa soketi hukaa kwenye ampia 16 au 20. Ukikuta waya mmoja tu wa mbili na nusu umefungwa kwenye breka ya 32 na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye soketi kadhaa, huna haja ya kuendelea kusifia rangi za swichi.

Breka ya 32 hufikaje kwenye waya mwembamba? Mara nyingi ni kwa sababu ya hita ya kuogea, ile inayofungwa juu pale maji yanapotokea, na mfano wake unastahili kupigiwa hesabu yote.

Chukua hita ya kilowati 5.5. Wati 5,500 ukizigawa kwa volti 230 unapata ampia 24. Fundi hakutaka kutandika waya mpya, akaichomeka hita kwenye laini ya soketi, yenye waya wa mbili na nusu na breka ya 20. Breka ikawa inakata mara kwa mara watu wakioga huku vyombo vingine vimewashwa kwenye laini hiyo. Ilikuwa inasema kweli, lakini familia ikalalamika, fundi akarudi na kuweka breka ya 32. Malalamiko yakaisha. Sasa asubuhi mmoja anaoga, na jikoni birika la umeme la kilowati 2 linachemsha chai kwa laini hiyohiyo. Birika linaongeza ampia karibu 9, jumla inafika 33. Breka ya 32 haitakata. Breka za nyumbani zimetengenezwa hivyo: ziada ndogo zinaivumilia, na hata mzigo ukifika karibu mara moja na nusu ya namba yake, breka inaweza kuchukua muda wa kukaribia saa nzima kabla ya kukata.

Sasa uangalie waya wenyewe. Waya wa mbili na nusu wa shaba, ndani ya bomba la plastiki ukutani, hubeba takriban ampia 24 mahali penye nyuzijoto 30. Juu ya dari, chini ya mabati ya Dar es Salaam mchana, nyuzijoto 40 ni jambo la kawaida, na hapo uwezo wake unashuka hadi kama ampia 21. Joto ndani ya waya hupanda kwa mraba wa mkondo, yaani mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ampia 33 kwenye waya wa 21 ni joto la mara mbili na nusu ya lile linaloruhusiwa. Ganda la kawaida la waya limekusudiwa kuvumilia nyuzijoto 70. Kwa hesabu hii, mzigo ukiendelea bila kupumzika, waya ungepita nyuzijoto 110.

Nyumba haishiki moto siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Dakika kumi za kuoga kila asubuhi hukausha plastiki polepole. Inakuwa ngumu, inapoteza rangi, halafu inapasuka pale waya ulipokunjwa. Dalili utaziona kwenye ncha: ganda karibu na skrubu limegeuka kahawia, kifuniko cha soketi kimejikunja, kuna harufu kama ya samaki au plastiki iliyoungua isiyojulikana inatoka wapi, taa zinafifia hita ikiwashwa. Moja tu kati ya hizo inatosha kuacha kutumia laini hiyo mpaka ifunguliwe.

Kazi nzuri kwa hita hiyo ni laini yake peke yake, waya wa sita kutoka kwenye kisanduku hadi bafuni bila kupachika kitu kingine njiani, breka ya 32, na swichi yake nje ya bafu inayokata moto na nyutro kwa pamoja. Waya wa nne na breka ya 25 hesabu yake inakubali, lakini kwa shida. Dari ikipata joto zaidi au hita ijayo ikiwa kubwa kidogo, nafasi imekwisha. Mimi ningelipa tofauti ya bei nichukue wa sita.

Hesabu yote hii inaanguka kama waya ulioandikwa 2.5 sio 2.5 kweli, na madukani waya wa namna hiyo upo. Waya halali wa mbili na nusu wa nyuzi saba una nyuzi zenye kipenyo cha milimita 0.67 kila moja. Fundi makini ana kipimo cha venia mfukoni; mwombe apime uzi mmoja mbele yako. Akipata 0.55, jumla ya shaba ni kama milimita za mraba 1.7, yaani umeuziwa waya wa taa kwa bei ya waya wa soketi. Mizani nayo haisemi uongo: shaba iliyomo kwenye mita 100 za waya huo peke yake ina uzito wa kilo 2.2 hivi, na ukiongeza ganda lake roli nzima hukaribia kilo 3. Roli inayodaiwa kuwa ya mita 100 ikiwa na kilo 2 pamoja na plastiki, irudishe. Mwisho, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, nayo hubeba mkondo mdogo zaidi na hulegea kwenye skrubu.

Tuje kwenye ethi, sehemu ambayo hata mafundi wenye miaka mingi kazini huifanya kwa mazoea. Nyumba nyingi hapa hutegemea nondo yake yenyewe iliyopigiliwa ardhini. Imani iliyoenea ni kwamba nondo ikiwepo, waya wa moto ukigusa bati la friji, umeme utakimbilia ardhini na breka itakata. Hebu tuipime imani hiyo. Tuseme nondo imepigiliwa vizuri na upinzani wake kwa ardhi ni omu 20, ambao kwa udongo mwingi si mbaya. Volti 230 ukizigawa kwa 20 unapata ampia 11.5. Breka ya friji ni ya 20. Haitakata leo wala kesho. Bati la friji litakaa na karibu volti zote 230, likimsubiri mtoto aliyetoka kuoga miguu mitupu.

Kwa nyumba yenye nondo yake, kinachokata umeme kwa wakati ni breka ya kuvuja, ile ambayo mafundi wengi bado huiita elisibii. Yenyewe hailinganishi mzigo na unene wa waya. Inalinganisha umeme unaoenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Usoni pake utasoma 30mA au 0.03A. Ikiwa imeandikwa 300mA, hiyo ni ya kuzuia moto, haimwokoi mtu. Kwa ampia zetu 11.5 zinazovuja, hii ya 30 ingekuwa imekata kabla friji haijaguswa na yeyote.

Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, isipokata, ibadilishwe. Lakini ujue mpaka wa kitufe hicho: kinapima breka tu. Kitakata vizuri hata kama waya wa ethi haujafungwa popote, kwa hiyo fundi akikibonyeza na kusema “ethi iko sawa”, hajakuonyesha kitu. Ethi hupimwa kwa mashine yake, namba ikasomwa kwa omu na kuandikwa. Kwenye mchanga mkavu au mwamba wa matumbawe wa pwani namba hiyo hupanda sana, na dawa ni kuongeza nondo ya pili, mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wake. Nondo iliyokatwa nusu kwa sababu jiwe lilizuia haitoi ethi ya nondo nzima.

Kuna hila mbili za kutafuta kwa makusudi. Ya kwanza ni waya wa kijani wa hita ya kuogea uliokunjwa na kufichwa nyuma ya ukuta bila kufungwa. Ya pili ni kipande kifupi cha waya ndani ya soketi kinachounganisha nyutro na ethi, ili testa ionyeshe kuwa ethi ipo. Nyutro ikikatika huko nje, kipande hicho kinapeleka volti 230 kwenye mabati ya vyombo vyote vilivyochomekwa. Breka ya kuvuja huikamata hila hii mara moja kwa kukata kila wakati, na ndiyo maana nyumba nyingine utakuta imeondolewa na kuwekwa swichi ya kawaida. Ukiambiwa kwamba elisibii “inasumbua”, fungua soketi kwanza, meni swichi ikiwa imezimwa.

Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA. Mwombe fundi aionyeshe kabla ya kuanza. Na kama leo hii nyumba yako ina hita ya kuogea lakini kisandukuni hakuna breka ya miliampia 30, tafadhali izime hiyo hita na mchemshe maji jikoni mpaka breka hiyo ifungwe.