Neno "Alma" katika Isaya 7:14

Katika Isaya 7:14 Kiebrania chasema "alma", yaani mwanamke kijana aliyefikia umri wa kuolewa. Neno lenyewe halitaji ubikira. Bikira kwa kawaida huitwa "bethula". Mbona basi mfasiri wa Kiyunani, kabla ya Kristo, aliandika "parthenos", neno alilolifuata Mathayo 1:23? Natutazame Mwanzo 34:3. Dina amekwisha kutwaliwa kwa nguvu, na Biblia ile ya Kiyunani yamwita "parthenos" vilevile. Basi neno hilo, ambalo mara nyingi ni bikira, liliweza kuwa msichana tu. Kwa hiyo hatuwezi kumshitaki mfasiri kwamba alipotoa. Wala tusiilazimishe "alma" kusema yale ayasemayo Mathayo.