Bei ya Kati Haina Mnunuzi

Juma lililopita, katika baraza moja la wapenda biashara ya hisa, kijana mmoja alitutandazia taarifa ya akaunti yake ya opsheni za Marekani, nao waliohudhuria wakamsifu kwa faida ya dola 300 aliyoipata baina ya asubuhi na adhuhuri pasipo kuuza wala kununua kitu. Niliondoka nimekereka, wala si kwa husuda, bali kwa kuwa faida ile haikuwapo, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza imetoka wapi.

Dalali, anapokadiria opsheni iliyo mkononi mwa mteja, aghalabu hujumlisha bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji, akagawa kwa mbili. Simlaumu kwa hilo, maana bei ya mauzo ya mwisho huenda ikawa ya juzi, na lau angekadiria kwa bei ya mnunuzi peke yake, kila anunuaye angeonekana amepata hasara papo hapo. Bei ya kati ni kadirio la hesabu. Kosa ni kuidhania kuwa ni fedha.

Kijana yule alikuwa na mikataba 10, kila mmoja wa hisa 100. Asubuhi mnunuzi alitoa dola 1.20 na muuzaji akataka 2.00, bei ya kati ikawa 1.60, na akaunti ikaandika dola 1,600. Adhuhuri akaunti ikaandika 1,900, na hapo ndipo sifa zilipomiminika. Basi mtazamaji mwenye jicho haitazami ile 1,900 hata kidogo. Huuliza ni upande upi uliosogea. Mnunuzi alikuwa palepale kwenye 1.20, hakuongeza hata senti moja. Aliyesogea ni muuzaji, ambaye pengine kwa kuhofia habari fulani alipandisha takwa lake hadi 2.60, na kwa kule kupandisha kwake peke yake bei ya kati ikainuka hadi 1.90. Kwa hakika hali ya kijana ilikuwa imeharibika, kwani pengo la senti 80 lilikuwa limepanuka likawa dola 1.40, na lau angefunga saa ile kwa agizo la bei yoyote, angepokea dola 1,200 zilezile za asubuhi, kabla ya ada. Kitu hiki asiyeifahamu kazi hakioni kamwe: bei ya kati yaweza kupanda bila ya mtu yeyote ulimwenguni kuwa tayari kulipa zaidi.

Wapo wanaolijua jambo hili na kulitumia kwa hila. Nilipata kumwona mtu aliyejiita mwalimu wa biashara hii, ambaye alikuwa na mikataba 400 ya opsheni zilizokwisha kufa, zisizo na mnunuzi hata wa senti, ila muuzaji mmoja aliyedai senti 50. Dalali wake alizikadiria kwa senti 25, na taarifa ikaonyesha dola 10,000. Kwa karatasi ile akakusanya ada za wanafunzi.

Aliyenifunza mimi alikuwa mzee aliyefanya kazi katika ukumbi wa Soko la Opsheni la Chicago, lililofunguliwa mwaka 1973, zama ambazo bei zilinadiwa kwa sauti na kwa ishara za mikono. Mle ukumbini, akisema, kila bei ilikuwa na uso wa mtu, na bei ya kati haikuwa na uso. Yeye hakufunga mkataba kwa agizo la bei yoyote: angeanza karibu na bei ya kati, kwa mfano 1.55, akangoja, akashuka senti tano tano, na mara nyingi akauza kwa 1.45 pale ambapo mwenye papara angeridhia 1.20. Siku hizi, kwa kuwa bei huja zimekwisha kugawanywa kwenye kioo, adabu ile ya kungoja imepotea.

Kwa hiyo, ukitaka kuipima akaunti ya mtu, isome saa nne asubuhi ya New York, si katika dakika za ufunguzi, ambapo mapengo huwa mapana. Opsheni aliyoinunua ihesabu kwa bei ya mnunuzi, na aliyoiuza ihesabu kwa bei ya muuzaji, maana huko ndiko atakakokwenda kuifunga. Tazama pia mnunuzi anataka mikataba mingapi, kwani bei ya mikataba miwili si bei ya kumi. Pengo likizidi sehemu moja ya kumi ya bei ya kati, kazi hiyo si njema, hata ikiwa faida yake ni kubwa.

Akaunti ya kijana yule, kwa mizani hii, ilikuwa na dola 1,200.