Kuziba Pengo la Mtu Aliyeondolewa Pichani

Ukimfuta mtu katikati ya picha ya pamoja kisha ukapaka ukuta mahali pake, pengo litamtaja: wenzake wawili wamesimama mbalimbali ilhali wengine wamebanana bega kwa bega. Lazima wasogezwe, na miili yao isiguswe.

Tuchukue mfano wa picha ya watu sita yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000. Wa tatu ndiye anayeondoka, na sehemu yake pana kuliko zote, mabegani, ina pikseli 420. Ukiibana picha nzima hadi 3580, kila mtu anakonda kwa zaidi ya asilimia 10 na pengo bado lipo.

Mwaka 2007 Shai Avidan na Ariel Shamir walitangaza njia nyingine. Kompyuta hutafuta mshono kutoka juu hadi chini, pikseli moja katika kila safu, ukipita mahali ambapo rangi hazibadiliki sana. Huuondoa, picha inapungua pikseli moja, kisha hutafuta mwingine. Katika GIMP kazi hii hufanywa na programu-jalizi ya Liquid Rescale. Unapaka tabaka moja juu ya wanaobaki ili walindwe, na jingine juu ya anayeondoka ili mishono ivutwe kwake. Kivuli chake sakafuni nacho kipakwe, la sivyo kitabaki bila mwenyewe. Usipowalinda wanaobaki, mishono hupita kwenye shati la rangi moja kana kwamba ni ukuta.

Ugumu unaanzia kichwani. Kila safu lazima ipoteze pikseli 420, lakini kichwa kina 180 tu. Zile 240 zinatoka ukutani, na juu ya kichwa ukuta unatoa zote. Mistari ya mlalo hufupika tu, ila nguzo na fremu za milango hupinda, kwa kuwa mshono huzikata kwa kimo tofauti kila mara. Anayekagua picha aanzie hapo, kisha alinganishe upana wa matofali.

Kwa hiyo ukuta wa matofali uliopigwa picha kwa kuukabili moja kwa moja unafaa kukatwa kwa mkono. Ikiwa tofali moja pamoja na kiungo chake lina pikseli 140, sogeza upande wa kulia kwa matofali matatu kamili, yaani 420, na viungo vitakutana.

Mwishoni usiinyooshe picha irudi 4000, maana watu watanenepa kwa karibu asilimia 12. Punguza kimo kwa kukikata hadi 2685, uwiano wa 4:3 utabaki. Mishono iachiwe nyasi, anga na ukuta mtupu. Penye mistari ya wima, kata kwa mkono.