Itifaki ya Madalali na Wateja wa Mshauri Anayehama

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mshauri wa uwekezaji aliyehama kampuni yake nchini Marekani aliweza kukuta mwajiri wa zamani amekwisha kuomba mahakamani zuio la muda, yaani amri ya kumkataza kuwasiliana na wateja hadi shauri lisikilizwe. Kwa kuwa kila kampuni kubwa ilikuwa leo mlalamikaji na kesho mlalamikiwa, mwaka 2004 Smith Barney, Merrill Lynch na UBS zilikubaliana juu ya Itifaki ya Uajiri wa Madalali, ambayo baadaye ilitiwa saini na mamia ya kampuni nyingine.

Itifaki hiyo humruhusu mshauri kuchukua mambo matano tu: jina la mteja, anwani, namba ya simu, barua pepe na jina la akaunti. Taarifa za salio na kumbukumbu za uwekezaji hubaki. Mathalani, mshauri mwenye wateja 120 huandaa orodha hiyo, kisha hukabidhi kwa uongozi wa tawi barua ya kujiuzulu pamoja na nakala ya orodha, na nakala ya tawi huongezewa namba za akaunti, ambazo yeye mwenyewe haruhusiwi kuondoka nazo. Hapa ndipo ulipo ufundi wa utaratibu wote, kwa sababu kampuni inayojua ni wateja gani watakaopigiwa simu huweza kuwakabidhi siku hiyohiyo kwa mshauri mwingine, na ushindani unaofuata, hata ukiwa mkali, huwa wa wazi na hauachi kinyongo cha kuibiwa.

Ushawishi, yaani kumwomba mteja ahamishe akaunti yake, huanza baada ya mshauri kujiunga na kampuni mpya, wala si siku moja kabla. Wengi huanguka katika wiki za mwisho kazini, wanapojitumia jedwali la wateja kwenye barua pepe binafsi au kuchapisha taarifa za akaunti kwa wingi usio wa kawaida, vitendo ambavyo mifumo ya kampuni huvihifadhi na ambavyo huweza kumwondolea mhusika kinga ya itifaki.

Kinga hiyo hudumu iwapo kampuni zote mbili ni wanachama, na Morgan Stanley na UBS zilijitoa mwaka 2017. Nje ya itifaki mkataba hutawala, na mshauri aliyefungwa na kifungu cha kutowashawishi wateja, aghalabu kwa mwaka mmoja, hubakiwa na tangazo: ujumbe mfupi unaotaja jina lake, kampuni mpya na anwani, usiosifu huduma wala kulinganisha ada, na usioambatanishwa na fomu ya kuhamisha akaunti. Mteja akipiga simu mwenyewe, ni busara kuweka kumbukumbu ya tarehe na ya nani aliyeanza mazungumzo, ingawa baadhi ya mikataba hukataza hata kumpokea mteja wa namna hiyo, na majimbo hutofautiana kuhusu mahali tangazo linapogeuka kuwa ushawishi.